Meseji ya asante kwa kaka wa mikopo: ilivyoandikwa, ilivyopokelewa na ilivyokuja kutumika

Wahusika wa kisa hiki ni wawili, wote wa Dar, na wote wameniruhusu nikielezee ila majina yao na jina la benki nimeyatoa. Wa kwanza ni binti wa miaka 26, ana digrii ya uhasibu, anafanya kazi ya uhasibu msaidizi kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, na amechoka kuingiza risiti kwenye mfumo kutwa nzima, anataka kuhamia benki upande wa uchambuzi wa mikopo ya wafanyabiashara. Wa pili ni kaka wa miaka thelathini na kitu, ndiyo kazi anayoifanya, yaani mteja akiomba mkopo yeye ndo anakaa na makaratasi anaandika kama huyu mtu apewe au asipewe na kwa nini. Walisoma chuo kimoja miaka tofauti, namba aliipata kwenye grupu la waliomaliza, akamuomba dakika 20 za kumuuliza kuhusu kazi, kaka akakubali, wakaongea kwenye simu jumanne moja ya mwezi wa tatu saa saba mchana wakati wa lanchi, ikaenda kama dakika 25.

Mwisho wa simu kaka akasema ile sentensi ambayo inawachanganya vijana wengi: "nafasi zikitokea huku nitakushtua". Binti akaisikia kama ahadi. Kaka, nilivyomuuliza baadae, hata hakumbuki kama aliisema, akaniambia "hiyo mbona ni namna ya kuaga tu". Asante iliyofuata iliandikwa juu ya kutoelewana huku, na ndo maana rasimu ya kwanza ilikuwa vile ilivyokuwa.

Rasimu yenyewe hii hapa, aliiandika jioni ileile na kwa bahati hakuituma, akanitumia mimi kwanza:

> Habari za jioni kaka yangu mpendwa, natumaini u mzima wa afya na unaendelea vizuri na majukumu ya kulijenga taifa. Kwanza kabisa napenda kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kunikutanisha na mtu kama wewe. Asante sana sana kwa muda wako wa thamani, umenifungua macho mno, nimejifunza mambo mengi sana ambayo sikuyajua. Nimeambatanisha sivii yangu hapa chini kama tulivyoongea, naomba usinisahau nafasi ikitokea, hata ya kujitolea mimi nipo tayari. Mungu akubariki sana wewe na familia yako.

Mtu akiisoma haraka haoni ubaya, ina heshima na ina baraka. Kwetu kumuombea mtu dua siyo jambo baya na wala sisemi ziondolewe zote. Shida ni kwamba ukifuta hilo neno sivii, hii meseji unaweza kumtumia daktari, fundi gari, mwalimu wa kwaya, mtu yeyote aliyekupa muda, haina hata kitu kimoja kinachoonyesha kwamba hawa watu waliongelea mikopo. "Nimejifunza mambo mengi sana", yapi? Kaka alitumia lanchi yake kumwelekeza mambo halisi na hapa hakuna hata moja lililorudi, kwa hiyo akiisoma hajui kama binti alielewa au alikuwa anaitikia tu "sawa kaka, sawa kaka".

Halafu kuna hiyo sivii na hilo ombi. "Kama tulivyoongea" siyo kweli, hawakuongea habari za sivii. Na hapa inabidi tukae upande wa kaka kidogo maana vijana wengi hawajui kupendekeza mtu ndani ya kampuni kunamgharimu nini anayependekeza. Kwenye benki ile, na kampuni nyingi kubwa zinafanya hivyohivyo, huendi kumnong'oneza bosi. Kuna fomu kwenye mfumo wa ajira, unaweka namba ya nafasi, jina la mtu, imeili yake, unapandisha sivii yake, halafu unaulizwa unamfahamu vipi, mna undugu au hamna, umewahi kufanya nae kazi, na kwa nini unaona anafaa. Jina lako linabaki pale. Yule mtu akija kwenye usaili akaboronga, meneja anakuja mezani kwako anakuuliza "hivi yule ulimtoa wapi". Sasa wewe mtu umeongea nae dakika 25 kwenye simu, hapo kwenye "kwa nini unaona anafaa" utaandika nini, utaandika alikushukuru sana sana?

Hilo swali la kwenye fomu ndo lililobadilisha jinsi tulivyoiangalia asante. Tuliacha kuifikiria kama adabu baada ya mazungumzo, adabu ipo ndani lakini kazi yake nyingine ni kumwachia huyu mtu kitu anachoweza kukitafuta miezi kadhaa baadae, akakikuta, akakitumia. Kumbuka watu wanaomtafuta kaka kama huyu siyo binti peke yake. Ukiwa benki kila shangazi ana mtoto kamaliza chuo.

Meseji aliyoituma mwisho ilikwenda jumatano saa tatu asubuhi, kwa imeili, siyo Wasap. Najua watu wengi watasema mbona mmeongea kwa simu na kuchati Wasap, kwa nini imeili, na kwa kawaida mimi mwenyewe ningesema tumia njia ileile mliyowasiliana. Lakini binti aligundua kitu, kaka alikuwa amewasha meseji zinazojifuta kwenye ile chati, ameweka siku 7. Wasap inakuonyesha kabisa tangazo dogo katikati ya chati kwamba zimewashwa, unachagua masaa 24, siku 7 au siku 90, ila watu hawalisomi. Maana yake asante yoyote ambayo ingewekwa pale wiki ijayo haipo, na ikitokea nafasi mwezi wa tano kaka hana chochote. Kwenye simu kaka alikuwa ameshampa imeili yake binafsi ili amtumie linki ya kozi moja, kwa hiyo njia ilikuwepo. Imeili ya kazini nisingeshauri uitafute mwenyewe kama hujapewa, watu wengine hawapendi mambo ya kutafutiana kazi yaonekane kwenye boksi la ofisi.

Kichwa cha imeili kiliandikwa: Asante kwa mazungumzo ya jana kuhusu uchambuzi wa mikopo, kikafuatiwa na jina lake kamili. Siyo "Shukrani", siyo "Habari kaka". Miezi miwili baadae mtu akitafuta neno mikopo kwenye imeili yake inatokea. Ndani:

> Habari za kazi kaka,
>
> Asante kwa jana, najua ulitoa muda wako wa lanchi.
>
> Kitu nilichoondoka nacho ni ulivyosema nisianze na hesabu zilizokaguliwa, nianze na mzunguko wa akaunti ya benki, na kabla ya kujumlisha chochote niondoe hela ambazo siyo mauzo. Mimi nilikuwa nafikiria kinyume kabisa, kazini kwetu hesabu zilizokaguliwa ndo mwisho wa maneno.
>
> Mama yangu mdogo ana duka la vipodozi Temeke, nitamuomba taarifa ya akaunti ya mwezi mmoja nijaribu kufanya hivyohivyo. Nikimaliza nitakuandikia nilichokiona, ukiwa na nafasi utanisahihisha, ukiwa umebanwa wala usijali.
>
> Ubarikiwe, na kazi njema.

Halafu jina kamili, na chini ya jina mstari mmoja: mhasibu msaidizi, kampuni ya kutoa mizigo, Dar. Basi. Kwenye Wasap akaweka neno moja tu, "Kaka nimekuandikia imeili ya asante, hamna haraka".

Hapo "nilikuwa nafikiria kinyume kabisa" naipenda kuliko zote, maana inamuonyesha kaka kwamba maneno yake yalihamisha kitu kichwani kwa mtu na inataja kilihama kutoka wapi kwenda wapi. Mtu ukimwambia hivyo hahitaji umwambie ana roho nzuri. Angalia pia sivii haipo na nafasi haikutajwa kabisa. Binti alipigania sana hilo, "sasa atajuaje kama nataka kazi?" Anajua! Mtu wa uhasibu anayekuuliza dakika 25 kuhusu kazi yako ya mikopo anataka kazi ya mikopo, huyo kaka siyo mtoto. Ukilisema siku ya pili tu unamlazimisha ajibu, na wakati huo jibu lake la kweli ni "sikufahamu vizuri bado", jibu ambalo hakuna mtu mstaarabu atakupa, kwa hiyo atanyamaza, na akishanyamaza mara moja ni rahisi kunyamaza mara ya pili.

Suala la salamu lilituchukua muda, kwa mtu wa nje linaweza kuonekana dogo. Shikamoo haikufaa, kaka amemzidi miaka michache na shikamoo ingemzeesha, na kwenye simu alishasema "niite kaka tu". Angekuwa baba wa miaka 55 ningesema anza na shikamoo hata kwenye imeili. Kilichotolewa ni "kaka yangu mpendwa", kwa binti kumwandikia mwanaume asiyemjua, pengine ana mke, inaweza kusomeka vibaya kabisa na mtu mwingine akiiona kwenye simu. Hizi meseji zinapigwa skrinshoti, zinafowadiwa, andika ukijua kuna mtu wa tatu anaweza kuisoma, ikiwezekana ni meneja.

Kaka akajibu jioni: "Poa karibu", na dole gumba.

Binti akanipigia kachanganyikiwa, ameandika aya tatu kajibiwa maneno mawili. Akataka aandike tena kuuliza kama amemkwaza. Hapo nilikuwa mkali. Asante haidai majibu, "poa karibu" ya mtu aliyetoka kazini saa moja usiku kwenye foleni ya daladala au Mwendokasi ni jibu kamili. Ukiandika tena unaanza kumpa kazi ya kukutuliza. Akaacha.

Sasa tunaingia kwenye sehemu ambayo kwa maoni yangu ndo ilifanya kazi yote, na ingekuwa haiwezekani bila ile aya ya tatu ya asante. Alisema atajaribu kwa mama mdogo, akajaribu kweli. Kabla ya hapo alifikiria atumie taarifa za benki za kampuni anayofanyia kazi, maana anazo na ni kubwa na zinavutia, na hili nalitaja kwa sababu ni kosa ambalo lingemmaliza: unamuonyesha mtu wa benki, mtu ambaye kazi yake ni kutunza siri za wateja, kwamba wewe siri za mwajiri wako unazitembeza. Mama mdogo aliombwa akakubali, na hata hivyo taarifa yenyewe haikutumwa kwa kaka, zilitumwa namba tu bila jina wala namba ya akaunti.

Wiki tatu baadae akajibu juu ya uzi uleule wa imeili ya asante, hakuanzisha mpya, kwa hiyo kaka akifungua anaona mazungumzo yote juu mpaka chini:

> Kaka habari za kazi. Nimefanya kama ulivyonielekeza, mwezi mmoja wa duka la mama mdogo (ameniruhusu). Jumla iliyoingia kwenye akaunti ni milioni 18.6. Nimetoa milioni 3 ambayo ni mkopo wa kikundi chao, na milioni 4.1 ambayo amehamisha kutoka kwenye simu, nikabaki na mauzo milioni 11.5. Sina uhakika na hiyo ya simu kama nilikuwa sahihi kuitoa yote.

Kaka akajibu ndani ya saa moja, na hii mara hakujibu maneno mawili. Akamwambia hapana, hela ya simu usiitoe kwa mkupuo, siku hizi wateja wanalipa kwa lipa namba halafu mwenye duka anahamishia benki, hayo ni mauzo kabisa, nenda kachukue taarifa ya lipa namba ulinganishe tarehe kwa tarehe. Binti akarudi Temeke, akakuta kwenye ile milioni 4.1 kuna milioni 3.4 ni ya lipa namba kweli na laki 7 alitumiwa na kaka yake mama mdogo za kujengea. Kwa hiyo mauzo ni milioni 14.9, siyo 11.5. Tofauti ya milioni 3.4 kwa mwezi kwenye biashara ya ukubwa ule inaweza kumfanya mtu apewe mkopo au anyimwe, na kaka aliandika hivyo mwenyewe kwenye jibu lililofuata, akaongeza na swali: na bidhaa alizonunua mwezi huo zinaendana na hayo mauzo?

Yaani ukiangalia, hapo wameshaanza kufanya kazi pamoja. Kidogo, kwa duka la vipodozi, lakini kaka ameshamuona binti anavyofikiri, amemuona akikosea, amemuona anasema mwenyewe pale asipokuwa na uhakika, na amemuona anarudi kurekebisha. Vyote hivyo ni majibu ya ile sehemu ya "kwa nini unaona anafaa", na hakuna aliyeomba kitu.

Nafasi ikatoka katikati ya mwezi wa tano, mchambuzi wa mikopo daraja la chini, ikawekwa kwenye ukurasa wa ajira wa benki na kwenye LinkedIn. Kaka hakumshtua, binti aliiona mwenyewe. Akaanza kununa kwamba si alisema atanishtua, nikamrudisha kwenye yale ya mwanzo. Kaka alikuwa hajui hata kama imetangazwa, idara nyingine ndo ilikuwa inaajiri.

Na hapa kulikuwa na mtego wa mfumo. Binti alikuwa kashafungua akaunti, kashajaza nusu, anataka kubonyeza tuma halafu ndo amwambie kaka. Kwenye mifumo mingi ya ajira mpangilio una maana kubwa: mtu wa ndani akikuweka kwanza, unaletewa linki yako kwenye imeili, ukiomba kupitia hiyo linki jina lako linakaa limeungana na lake. Ukitangulia kuomba mwenyewe, yeye akija kukuweka mfumo unamwambia huyu mtu tayari yupo, na kuna kampuni ukishatangulia basi pendekezo halihesabiki tena. Siyo zote, ila huwezi kujua mpaka uulize, na kuuliza ni bure kama dedilaini haijafika. Ilikuwa imebaki siku tisa. Akasimama hapohapo akaandika, juu ya uzi uleule:

> Kaka, nimeona benki yenu imetangaza nafasi ya mchambuzi wa mikopo, linki na namba ya nafasi nimeweka hapa chini, mwisho wa maombi ni tarehe 24. Nataka kuomba. Sijatuma bado kwa sababu sijui utaratibu wenu, kama kuna kupendekezwa na mtu wa ndani na wewe unaona sawa kuniweka, nitashukuru, sivii nimeambatanisha. Kama haikai vizuri kwako nitaelewa kabisa, nitaomba kawaida tu jumatatu.

Hapo ombi limesemwa wazi bila kuzunguka, na mlango wa kutokea umeachwa wazi pia, tena siyo kwa maneno tu, amesema jumatatu ataomba kwa njia ya kawaida, kwa hiyo kaka akikaa kimya hakuna kinachoharibika na hakuna anayeaibika. Sivii sasa ndo imefika, wakati ina pa kwenda. Na jina la faili lilikuwa na jina lake kamili na neno mchambuzi wa mikopo, siyo "sivii mpya mwisho kabisa 3", maana kaka analipandisha kama lilivyo.

Kaka alimuweka siku iliyofuata. Nilimuuliza aliandika nini kwenye fomu na alinisomea kutoka kwenye simu yake, kwa ufupi ni kwamba walisoma chuo kimoja ila hawana undugu na hawajawahi kufanya kazi pamoja, amewasiliana nae tangu mwezi wa tatu, alimpa zoezi la kusoma mzunguko wa akaunti na akatenganisha mauzo na hela nyingine, alikosea kwenye fedha za simu na akarekebisha mwenyewe kwa kulinganisha taarifa mbili. Anasema alifungua uzi wa imeili akapitia kuanzia juu, akaandika kutoka humo ndani ya dakika tano. Bila huo uzi angeandika "ni kijana mchapakazi" kama wanavyoandika wengine.

Kuna jambo lilitokea katikati ambalo linatokea sana na watu hawalisemi. Baada ya kuwekwa, binti akataka kumtumia kaka elfu 20 kwenye simu "ya soda", kwa nia nzuri kabisa, ndivyo alivyolelewa, mtu akikusaidia humuachi mikono mitupu. Nilimkataza. Kabla ya ajira kuamuliwa, hela yoyote kwenda kwa mtu aliyeweka jina lako inabadilisha sura ya kila kitu, kwenye simu inabaki tarehe na kiasi, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haiishii kwa watumishi wa serikali, inagusa na mtu wa kampuni binafsi anayepokea kitu ili afanye jambo kwenye shughuli za mwajiri wake. Hata kama hakuna atakayekwenda TAKUKURU kwa ajili ya elfu 20, kaka wa watu anafanya kazi benki, atafanya nini na hiyo hela zaidi ya kuirudisha na kuanza kukuogopa? Akaandika mistari miwili tu ya asante, kwamba amepata linki, ameomba kupitia hiyo na namba ya ombi ni hii, ili kaka ajue kwamba upande wake umekamilika.

Niseme pia kwamba haya yote ni ya sekta binafsi. Kama unachotaka ni kazi ya utumishi wa umma, unaomba kwenye Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira na kule hakuna fomu ya kupendekezwa na mfanyakazi, mtu wa wizarani anaweza kukueleza kazi ikoje na ukamshukuru vizuri sana, ila ukimuomba akuingize unamuomba kitu kingine.

Akaitwa. Mtihani wa kuandika kwanza, wakapewa taarifa ya akaunti ya mfanyabiashara waisome, na ndani kulikuwa na hela za kuhamishwa kutoka kwenye simu, aliniambia alicheka peke yake. Halafu usaili wa watu watatu. Kazi hakupata. Walimchukua mtu kutoka tawi lao moja ambaye tayari alikuwa anafanya kazi ya mikopo midogo, na hilo pendekezo lolote lisingeweza kulizuia. Fomu ya kaka ilimfikisha mezani tu, mezani palikuwa na mtu mwenye miaka miwili ya kazi hiyohiyo.

Barua ya kukataliwa ilikuja kwa imeili ijumaa, ya mfumo, ile isiyojibiwa. Akamwandikia kaka siku hiyohiyo kabla kaka hajasikia kwenye korido, ikawa imeili ya mwisho ya binti kwenye ule uzi mpaka sasa:

> Kaka nimepata majibu, wamechukua mtu mwingine. Asante kwa kuweka jina lako kwa ajili yangu. Mtihani ulienda vizuri, kwenye usaili nilikwama waliponiuliza dhamana ikiwa ni nyumba isiyo na hati, ina barua ya serikali ya mtaa tu, sikuwa na jibu zuri. Ndo naenda kusoma hilo sasa.

Kaka alijibu aya ndefu kuhusu leseni za makazi na jinsi benki inavyozichukulia, halafu akamtajia kitu ambacho sisi wote hatukukijua: pendekezo lake kwenye mfumo wa benki ile linakaa hai miezi sita. Kwa hiyo nafasi nyingine ikitoka kabla ya mwezi wa kumi na moja asijaze upya wala asitafute mtu mwingine wa kumuweka, amwandikie kwanza yeye namba ya nafasi, naye atalihamisha hilo pendekezo kutoka ndani.